Holili hadi Taveta na mzigo mdogo: cheti kinaondoa nini, kinaacha nini

Mfanyabiashara anayetoka Himo na magunia kumi ya maharage kwenda kuyauza Taveta ana haki ya kuingia nayo Kenya bila kulipa ushuru wa forodha. Haki hiyo imetokana na Umoja wa Forodha wa Afrika Mashariki, ulioanza kazi Januari 2005. Kwa sisi wenye mitaji midogo imewekewa karatasi yake maalumu: cheti rahisi cha uasili wa bidhaa, ambacho mpakani wengi wanakiita SCOO. Kinatolewa palepale mpakani na ofisa wa forodha, hakina malipo, na hakihitaji wakala. Hata hivyo, siku za soko la Taveta, Jumatano na Jumamosi, bado utawaona akina mama wakipita vichochoroni na mizigo kichwani huku wakitetemeka, au wakimlipa kijana asiye na ofisi kwa ajili ya kitu ambacho ni chao bure.

Mimi niliingizwa kwenye biashara hii na mama mdogo. Yeye alikuwa ameizoea kwa miaka, na alikuwa na utaratibu wake: tukikaribia mpaka anampigia kijana mmoja simu, anampa shilingi elfu sitini za Tanzania, kijana anapotea na karatasi, anarudi nazo zimegongwa muhuri. Sisi tunabaki kwenye gari. Nilipomuuliza ile hela ni ya nini, alinijibu, "Ya cheti, mwanangu. Usiulize sana, utatuchelewesha soko." Siku moja kijana hakupatikana na soko lilikuwa linaanza, ikabidi niingie mwenyewe ndani. Ofisa wa forodha alinipa fomu, akaniambia nijaze, akakagua mzigo, akasaini na kugonga muhuri. Nilipotoa pochi aliniuliza, "Ya nini hiyo, dada?" Nilitoka pale nikiwa na hasira iliyonikaa kifuani wiki nzima. Nilipiga hesabu ya elfu sitini kila safari, kwa miaka yote ile, nikaona ni ada ya shule ya mtoto iliyokwenda kwa kishoka.

Kwa hiyo nianze na hilo. Kituo cha Holili na Taveta ni kituo cha huduma kwa pamoja. Maana yake unasimama mara moja tu, kwenye jengo la nchi unayoingia. Ukienda Kenya hutahudumiwa Holili, unapita mpaka jengo la upande wa Taveta, na humo utawakuta maofisa wa Tanzania wanaokutoa na wa Kenya wanaokupokea. Ofisa wa TRA aliyemo humo ndiye anayeidhinisha cheti chako, kisha unahamia dirisha la forodha ya Kenya ukiwa nacho mkononi. Vishoka wanaishi kwa kutojua kwetu hapa: mtu anafika Holili, anaona jengo limetulia, hajui pa kuanzia, na mara anatokea kijana mwenye kalamu sikioni akimwita "mama" kwa heshima zote.

Fomu yenyewe ni ya ukurasa mmoja. Unaandika jina lako na anwani, jina la anayepokea mzigo (kama unakwenda kuuza mwenyewe sokoni, ni wewe), aina ya bidhaa, kiasi, thamani, na nchi ilikozalishwa. Mwisho unatia saini tamko kwamba uliyoyaandika ni kweli. Saini hiyo ina uzito, nitaieleza nikifika kwenye vitunguu saumu. Cheti kinafaa kwa mzigo mmoja tu. Cha Jumatano hakikupitishi Jumamosi, hata kama bidhaa ni ileile na ofisa ni yuleyule.

Masharti ya kukipata ni matatu. Thamani ya mzigo wako isizidi dola 2,000 za Marekani. Bidhaa iwe imezalishwa ndani ya nchi wanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki. Na iwe kwenye orodha ya pamoja ya bidhaa ambazo nchi zimekubaliana, orodha ambayo una haki ya kuomba kuiona kabla hujanunua chochote. Sharti la kwanza na la pili ndiyo yanayowaliza watu, kila moja kwa namna yake.

Nichukue safari moja tuliyokwenda watatu kwenye Kanta moja. Mimi nilikuwa na magunia kumi na mawili ya maharage niliyoyanunua kwa 230,000 kila moja, na nyavu kumi za vitunguu maji vya Mang'ola kwa 90,000 kila wavu. Ukijumlisha ni 2,760,000 na 900,000, yaani 3,660,000. Wakati ule dola ilikuwa karibu shilingi 2,600, kwa hiyo mzigo wangu ulikuwa kama dola 1,400. Mama mdogo alikuwa na magunia kumi na tano ya maharage, 3,450,000, dola 1,300 na ushee. Dada wa tatu, tuliyemjua sokoni Himo, alikuwa na vitunguu saumu na maharage kidogo.

Dereva alitaka karatasi moja kwa jina lake. Alisema ni rahisi, gari ni moja. Tungemkubalia, mzigo wote ungehesabika kuwa wa mtu mmoja, wenye thamani ya zaidi ya dola 2,700 hata kabla ya kuhesabu wa yule dada. Hapo cheti rahisi hakipo tena. Mzigo unaozidi dola 2,000 unahitaji cheti kamili cha uasili na tamko la forodha linaloandaliwa na wakala mwenye leseni, na wakala anataka malipo yake. Kikomo kinamfuata mwenye mzigo, hakifuati gari. Kila mmoja wetu alijaza fomu yake, kwa mzigo wake, akiwa na risiti zake, na tukapita kihalali. Lakini usiligeuze hili kuwa ujanja. Nimeshuhudia tajiri mmoja akiwapa vijana wanne mzigo wake wa mpunga ili kila mmoja aseme ni wake. Ofisa aliwauliza bei waliyonunulia, kila mmoja akataja yake, na wote wanne walikuwa wanatazama upande mmoja alikosimama tajiri. Mzigo ulizuiliwa.

Bei ndiyo mahali pa kujiandaa. Sisi tunanunua shambani au mnadani, na mkulima hana mashine ya risiti. Ukifika mpakani huna karatasi yoyote, ofisa atakadiria thamani kwa bei anazozijua yeye, na makadirio yake yanaweza kukuvusha kikomo. Tangu mwanzo mimi hutembea na daftari la risiti za mkono: muuzaji anaandika jina, kijiji, kiasi na bei, anasaini. Nikiwa nimelipa ushuru wa mazao wa halmashauri, naitunza ile risiti kama dhahabu, kwa sababu inaonyesha mzigo umetoka wilaya gani. Karatasi hiyo moja inajibu swali la bei na swali la asili kwa pamoja. Na tafadhali epuka lumbesa. Sheria ya vipimo hapa kwetu haitaki gunia la mazao lizidi kilo 100, na ukiandika kilo 100 kwenye fomu halafu mzani useme 130, tamko lako limeshakuwa la uongo kabla hujafungua mdomo.

Sasa vitunguu saumu. Yule dada alivinunua Moshi mjini kwa bei nzuri, vikubwa, vyeupe, vimejaa kwenye nyavu safi. Alijua kwamba Tanzania inalima vitunguu saumu, Mbulu inasifika kwa hilo, kwa hiyo aliandika kwenye fomu kwamba vimezalishwa Tanzania. Hakuwa anadanganya. Aliamini kabisa kuwa kitu kilichonunuliwa Moshi ni cha Tanzania. Ofisa alichukua kimoja, akakigeuza chini juu, akauliza, "Mama, hivi vimelimwa wapi?" Kisha akamwonyesha: chini mizizi ilikuwa imekwanguliwa yote, pamebaki duara safi kama limekatwa kwa wembe, na vyote vilikuwa na ukubwa mmoja. Vitunguu saumu vinavyotoka China huandaliwa hivyo. Vya kwetu mara nyingi ni vidogo, havilingani, vina rangi ya zambarau kwenye ganda na mizizi mikavu bado ipo, mara nyingine na udongo kidogo.

Cheti hakijali umenunua wapi, kinataka kujua bidhaa ilizalishwa wapi. Bidhaa iliyoingia Tanzania kutoka nje ya Jumuiya, hata kama ililipiwa kila kitu Dar es Salaam, haigeuki kuwa ya Tanzania kwa kukaa dukani Moshi. Ikivuka kwenda Kenya inatozwa ushuru wa pamoja wa forodha, na viwango vya kawaida vya ushuru huo ni asilimia 0, 10, 25, na tangu Julai 2022 kuna 35 kwa bidhaa zilizokwisha kutengenezwa. Ndivyo ilivyo kwa sufuria, chupa za chai, viatu vya plastiki, vitenge vilivyotoka mbali, na mitumba.

Yule dada alilia pale, na sisi tulilia naye. Ofisa angeweza kumfungulia kesi, kwa sababu Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004 inaruhusu bidhaa zenye tamko la uongo kutaifishwa, na chombo kinachosafirisha magendo nacho kinaweza kuchukuliwa. Alimwacha avirudishe, baada ya kumhoji na kuona risiti aliyopewa dukani haikusema lolote kuhusu asili. Gharama yake ilikuwa nauli ya kurudisha mzigo, siku ya soko iliyopotea, na hasara ya kuviuza upya Himo kwa bei ya kutupa. Maharage yake yalipita bila shida, kwa sababu aliyaandikia fomu yenye ukweli.

Tangu siku ile nikinunua kwa mtu wa kati namuuliza kwanza mzigo umetoka kijiji gani, na asiponitajia sinunui kwa ajili ya Taveta. Mchele nao uangalie kwa jicho hilohilo, kwa sababu uko wa kutoka nje unaofungwa kwenye magunia ya hapa.

Jambo lingine ni afya ya mimea. Cheti cha uasili kinaondoa ushuru wa forodha, basi. Hakisemi kwamba mzigo hauna wadudu. Kwa maharage, vitunguu, nyanya, ndizi na mazao mengine unahitaji cheti cha afya ya mimea kutoka Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania, TPHPA, na upande wa pili wapo KEPHIS, wakaguzi wa afya ya mimea wa Kenya, wanaokiangalia. Maombi yanafanyika kwenye mfumo wa Wizara ya Kilimo unaoitwa ATMIS, unapewa namba ya malipo ambayo wote tunaiita kontroo namba, unalipa kwa simu au benki. Hiki kina ada, tofauti na kile cha forodha, na ndiyo maana vishoka wanavichanganya kwa makusudi ili ada ya kimoja ionekane ni ya vyote viwili. Dai risiti yenye kontroo namba. Kama haipo, hela yako haikwenda serikalini.

Mkaguzi anachukua sampuli na kutafuta mdudu hai, mashimo, ukungu na udongo. Nimejifunza kumtangulia. Kabla ya kununua maharage nachota konzi moja katikati ya gunia, siyo juu, namwaga kwenye kanga nyeupe juani na kusubiri kidogo. Joto likiwapata, wadudu wanaanza kutembea. Nikiona punje zenye tundu dogo la duara, hata kama mdudu haonekani, gunia hilo siligusi, maana mayai na viluwiluwi wamo ndani ya punje nyingine. Wauzaji wengi wanasema, "Tutaweka dawa, itakwisha." Ufukizaji wa vidonge unataka mzigo ufunikwe turubai lisilopitisha hewa kwa siku kadhaa, na ufanywe na mtu mwenye ujuzi kwa sababu ile gesi inaua watu. Haiwezekani kufanyika usiku mmoja kabla ya soko. Vitunguu navyo navikung'uta na kuviacha vikauke shingo kabla ya kufunga, kwa kuwa udongo kwenye mizizi unatosha kuzuia mzigo mzima, na vikizuiliwa vikiwa vibichi ndani ya Kanta vinaanza kuoza kabla hujapata uamuzi.

Mahindi niliamua kuyaacha, na sababu yake ni tarehe 5 Machi 2021. Siku hiyo Kenya ilizuia mahindi ya Tanzania na Uganda kwa ajili ya sumukuvu, na malori yakabaki yamekwama Namanga. Siku chache baadaye zuio liliondolewa, lakini kwa masharti: anayeingiza awe amesajiliwa, mzigo uwe na cheti cha uasili, na kipimo kionyeshe sumukuvu iko chini ya sehemu 10 kwa bilioni. Kipimo hicho kinahitaji maabara. Kwa mwenye magunia mia mbili gharama inagawanyika. Kwa mwenye magunia kumi, inakula faida yote. Maharage na vitunguu havina mzigo huo, ndiyo maana nikabaki navyo.

Ukishapita forodha na KEPHIS, soko la Taveta lina ushuru wake wa kaunti, unaolipwa kwa kila gunia au kwa nafasi unayokaa. Huo hauhusiani na mpaka, na kuonyesha cheti hakutausamehe. Lipa, chukua risiti, iweke mahali unapoipata haraka, kwa sababu mkusanyaji wa mchana si yule wa asubuhi. Wapagazi wanadai kwa gunia, na bei yao hupanda kadiri soko linavyochangamka, kwa hiyo patana kabla gunia halijaguswa.

Kuhusu wewe mwenyewe kuvuka: mzigo ukiwa na karatasi na wewe huna, unakwama vilevile. Mtanzania anahitaji pasipoti au hati ya kusafiria ya muda kutoka Uhamiaji, na kadi ya chanjo ya homa ya manjano ni vizuri iwemo kwenye mkoba. Nilikuta dada wawili wakiwa na vyeti vyote vya mzigo, wamerudishwa kwa kukosa hati ya safari.

Kurudi nyumbani kuna mtego wake, na huu ndio unaowakuta wazoefu. Umeuza, una shilingi za Kenya mkononi, unaona sabuni na mafuta ya kupikia bei nzuri, unanunua. Sabuni iliyotengenezwa Kenya inaweza kupata cheti kilekile, safari hii kutoka kwa forodha ya Kenya, na wewe utahudumiwa kwenye jengo la upande wa Holili kwa kuwa sasa unaingia Tanzania. Ushuru wa forodha utaondoka. VAT haitaondoka. Bidhaa ambayo ndani ya nchi inatozwa VAT inatozwa pia ikiingia, na kwetu ni asilimia 18. Mama mdogo aligombana sana na ofisa kuhusu hili, akishika cheti juu na kusema, "Si kimeandikwa bila ushuru?" Ofisa alimweleza taratibu kwamba VAT ni kodi nyingine, na hata duka la Himo linaitoza. Maharage hayakuwahi kumwonyesha tofauti hiyo, kwa sababu mazao ghafi yasiyosindikwa hayatozwi VAT Kenya. Siku hizi anapiga hesabu ya asilimia 18 akiwa bado dukani Taveta, na mara nyingi anaona ni heri arudi na hela. Hizo hela anabadilisha benki au kwa wakala mwenye kibao, siyo kwa watu wa barabarani, baada ya jirani yetu kupewa bunda lenye karatasi katikati. Mifuko ya plastiki ya kubebea usiifikirie kabisa: Kenya iliipiga marufuku Agosti 2017, Tanzania Juni 2019.

Ikitokea umetimiza masharti yote na bado mtu anakuzuia au anakudai hela isiyo na risiti, omba kwa adabu akuandikie sababu ya kuzuia mzigo. Nimeona mara nyingi madai yakiyeyuka hapo. Asipoandika, omba kumwona mkuu wa kituo, kisha ripoti kama kikwazo cha kibiashara kwenye tradebarriers.org, tovuti ya pamoja ya EAC, COMESA na SADC ambako mfanyabiashara mdogo anaweza kuandika malalamiko na kufuatilia majibu ya nchi husika. Utahitaji tarehe, kituo, aina ya mzigo na picha ya karatasi zako, kwa hiyo piga picha ya kila cheti kabla hujakikabidhi dirishani.

Mama mdogo sasa anajaza fomu yake mwenyewe. Macho yanamsumbua, kwa hiyo mimi namsomea vipengele na yeye anaandika, na pale kwenye nchi ilikozalishwa ananiuliza kwanza gunia kwa gunia tulinunua kwa nani. Yule kijana bado yupo, na Jumamosi iliyopita alitufuata mpaka mlangoni.